Nani Aendeshe Maji ya Jiji? Swali la Machaguo Manne na Mkasa wa Dar es Salaam

Swali la kuchagua jibu sahihi kuhusu umiliki wa huduma za umma huandikwa mara nyingi kwa sura hii: mamlaka ya maji ya jiji fulani ni mali ya serikali. Nusu ya maji inayozalisha hayalipiwi, mabomba yamechakaa, na wakazi wengi wa pembezoni hununua maji kwa ndoo. Ni hatua ipi italeta ufanisi bila kuumiza wanyonge wala maslahi ya umma? (A) Kuuza mali na huduma zote kwa kampuni binafsi. (B) Kuiacha mamlaka mikononi mwa serikali kama ilivyo. (C) Serikali ibaki na mali, na uendeshaji ukodishwe kwa kampuni binafsi. (D) Shirika libaki la umma, lakini lipewe uhuru wa kujiendesha na lipimwe kwa mkataba wa utendaji.

Mtahiniwa aliyesoma vizuri huenda moja kwa moja kwenye C, na ni rahisi kuona sababu. Jibu hilo linaonekana kuchukua kizuri kutoka kila upande: mali inabaki ya wananchi, na utaalamu unatoka kwa mwekezaji. Tanzania ililichagua jibu hilo kwa jiji la Dar es Salaam mwaka 2003, na mkataba wa miaka 10 ukavunjika kabla ya kutimiza miaka miwili ya kazi. Mkasa huo unafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu unaonyesha mambo ambayo swali lenyewe limeyaacha nje.

Kwanza, kwa nini maji yasiachiwe soko kama unga au sabuni? Sehemu kubwa ya gharama ya huduma hii imezikwa ardhini. Kampuni ya pili haiwezi kuja kutandaza mabomba yake sambamba na ya kwanza ili mwenye nyumba achague. Gharama ingeongezeka mara mbili na wateja wangebaki walewale. Wachumi huita hali hii ukiritimba wa asili. Mwenye bomba ndiye muuzaji pekee, awe serikali au mtu binafsi, na mteja asiyeridhika hana duka la jirani la kukimbilia. Kwa hiyo ushindani, ambao ndio hoja kuu ya ubinafsishaji, hauwezi kuwepo kila siku. Unaweza kuwepo mara moja tu, siku ya zabuni. Baada ya hapo kinachobaki ni mkataba na yule anayeusimamia.

Majibu A na B hayahitaji muda mrefu. A ndiyo njia ya Uingereza na Wales, ambako mwaka 1989 mamlaka 10 za maji za mikoa ziliuzwa moja kwa moja, zikiwa zimefutiwa madeni, na mdhibiti aitwaye Ofwat akaundwa kupanga bei. Uwekezaji uliongezeka, lakini madeni nayo yaliongezeka: kufikia mwaka 2024 kampuni ya Thames Water inayohudumia London ilikuwa na deni la zaidi ya pauni bilioni 15, na wateja wakawa wanajadili kama bili zao zinatengeneza mabomba au zinalipa riba. Nchi yenye mahakama imara na mdhibiti mwenye wataalamu wengi bado inahangaika na jibu hilo, na huko mtandao wa mabomba tayari ulikuwa umefika karibu kila nyumba. Katika jiji ambalo wakazi wengi hawajaunganishwa, mnunuzi wa mali zote angekuwa na kila sababu ya kuanza na mitaa inayolipa na kuichelewesha mingine.

B ndiyo hali iliyozaa swali. Mamlaka inayosubiri idhini ya wizara ili kupandisha bei, inayoajiri kwa shinikizo, na isiyothubutu kukata maji ya ofisi za serikali zinazodaiwa, haina fedha za kuziba bomba lililopasuka. Bomba lisipozibwa maji hayafiki, na mteja asiyepata maji hakubali kulipa. Hapo fedha huzidi kupungua. Dar es Salaam ilikuwa katika mzunguko huo mwishoni mwa miaka ya 1990. Maji yalitoka hasa Ruvu Juu na Ruvu Chini, yakasafiri umbali mrefu hadi jijini, na njiani mabomba makuu yalitobolewa kwa matumizi ya nyumbani na ya mashamba. Zaidi ya nusu ya kilichosukumwa hakikuonekana kwenye ankara.

Basi likachaguliwa jibu C. Kuikabidhi kampuni binafsi uendeshaji wa DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji, kulikuwa miongoni mwa masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, na kuliambatana na mradi wa takriban dola milioni 164 uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Zabuni ilichukua miaka kadhaa. Ilipofika hatua ya mwisho, mzabuni mmoja tu ndiye aliyewasilisha bei: ushirika wa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Hao, pamoja na Superdoll ya Tanzania, waliunda kampuni ya City Water Services. Wageni wakashika asilimia 51 na Superdoll asilimia 49. Mkataba ulisainiwa Februari 2003 na kazi ikaanza tarehe 1 Agosti mwaka huohuo.

Hapo tayari nguzo moja ya jibu C ilikuwa imeyumba. Ushindani wa siku ya zabuni, ule pekee unaowezekana katika ukiritimba wa asili, haukutokea. Mzabuni akiwa peke yake, serikali haina bei nyingine ya kulinganisha, wala haina namna ya kujua kama makisio yake ni ya kweli au ni ya kujipatia kazi kwanza na kuomba marekebisho baadaye.

Mkataba wenyewe ulikuwa wa ukodishaji, na mgawanyo wake wa kazi ulieleweka kwenye karatasi. DAWASA ilibaki na mitambo, mabomba na jukumu la uwekezaji mkubwa. City Water ingesukuma maji, ingetengeneza mivujo, ingesoma mita, ingetoa ankara na kukusanya fedha. Kila bili ya mteja ilikuwa na mafungu matatu: la mwendeshaji kwa ajili ya kazi yake, la DAWASA kama mwenye mali, na la mfuko wa kuwaunganishia maji kwa mara ya kwanza wakazi wa kipato cha chini. Juu ya hayo mwendeshaji alidaiwa ada ya ukodishaji kila mwezi. Kwa hiyo hatari ya mteja asiyelipa iliwekwa begani mwa kampuni: ikusanye isikusanye, ada inadaiwa.

Uzito wa mpango huo unaonekana kwa hesabu ya mfano, yenye tarakimu rahisi ambazo si za City Water. Tuseme mwendeshaji anasukuma uniti 1,000 kwa siku, kila uniti ikiwa lita 1,000. Nusu inapotea, kwa hiyo uniti 500 zinaingia kwenye ankara kwa shilingi 700 kila moja, jumla shilingi 350,000. Umeme, dawa za kutibu maji na mishahara vinagharimu 180,000, na ada ya mwenye mali ni 60,000. Kama makisio ya zabuni yalisema asilimia 80 ya ankara zitalipwa, mapato ni 280,000 na kampuni inabaki na faida ya 40,000. Ikilipwa asilimia 60 tu, mapato ni 210,000 na kampuni ina hasara ya 30,000 kila siku. Hakuna bomba lililopasuka wala mfanyakazi aliyezembea zaidi ya jana. Kilichobadilika ni kwamba wateja wanne kati ya watano waliotarajiwa kulipa wamekuwa watatu.

Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo lisiloonekana kirahisi kuhusu upotevu. Kuziba mvujo chini ya barabara kunaokoa maji, lakini hakuleti shilingi mpaka maji hayo yafike kwa mteja mwenye mita anayelipa. Kumpata aliyejiunganishia kwa siri na kumwingiza kwenye daftari kunaleta mapato mwezi uleule. Mwendeshaji mwenye mkataba mfupi na hasara mkononi atakimbilia la pili na kuahirisha la kwanza, wakati jiji linahitaji yote mawili.

City Water iliingia kwenye shimo hilo mapema. Daftari la wateja ililorithi lilikuwa na mapengo na makosa, wateja wengi hawakuwa na mita na walitozwa kwa makadirio, na mfumo mpya wa ankara uliletwa lakini haukufanya kazi kama ilivyoahidiwa. Makusanyo yakawa chini ya makisio. Kufikia katikati ya mwaka 2004 kampuni iliacha kulipa ada ya ukodishaji kikamilifu, ikaomba mkataba ufunguliwe upya na bei ziongezwe. Serikali ilijibu kwamba makisio yalikuwa ya kampuni yenyewe na hatari hiyo iliikubali kwa saini yake. Usuluhishi ulijaribiwa ukashindikana.

Kila upande ulikuwa na hoja, na hapa ndipo kukosekana kwa mtu wa tatu kulipoumiza. EWURA, chombo cha kudhibiti huduma za nishati na maji, ilikuwa imetungiwa sheria mwaka 2001 lakini ilianza kazi mwaka 2006, yaani baada ya ugomvi kwisha. Katika kipindi chote cha mkataba hakukuwa na mdhibiti huru aliye kazini, mwenye takwimu zake mwenyewe, wa kusema upungufu huu ni wa daftari bovu alilokabidhiwa mwendeshaji, na huu ni wa uzembe wake. DAWASA ilikuwa mwenye mali, mdai na msimamizi kwa wakati mmoja. Hakimu wa namna hiyo, hata akiwa mwadilifu, hukumu yake haiaminiki upande wa pili.

Tarehe 13 Mei 2005 waziri wa maji wa wakati huo, Edward Lowassa, alitangaza hadharani kwamba mkataba umevunjwa. Tarehe 1 Juni viongozi watatu wa kampuni walitolewa nchini, na shirika jipya la serikali, DAWASCO, likashika ofisi na mitambo siku hiyohiyo.

Kesi mbili zilifuata, na matokeo yake husimuliwa nusunusu na kila anayetaka kushinda mjadala. Katika shauri la kimkataba kati ya City Water na DAWASA, lililosikilizwa kwa kanuni za UNCITRAL, waamuzi waliipa ushindi DAWASA na kuiamuru kampuni ilipe takriban pauni milioni 3. Katika shauri la pili Biwater Gauff iliishtaki Tanzania mbele ya ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, kwa mkataba wa uwekezaji wa Uingereza na Tanzania wa mwaka 1994. Hukumu ya Julai 2008 ilisema mambo mawili. Tanzania ilikiuka mkataba huo kwa namna ilivyoiondoa kampuni: matangazo ya hadhara, kushika majengo kabla ya muda, na kuwafukuza viongozi wake. Lakini haikutakiwa kulipa fidia, kwa kuwa kufikia siku hiyo kampuni ilikuwa haina thamani tena, imejimaliza kwa zabuni mbovu na uendeshaji dhaifu. Kwa maneno mengine, mkataba ulikuwa umekufa kabla ya kuvunjwa, na haraka ya serikali iliipa nchi kesi ambayo ingeweza kuiepuka kwa kufuata tarehe na taratibu ilizojiwekea.

Upande wa ufikiaji wa huduma haupati nafasi katika hukumu hizo, ingawa ndio uliowagusa watu wengi zaidi. Mkazi asiye na bomba Dar es Salaam alinunua maji kwa jirani mwenye mita, kwa muuza madumu wa mkokoteni, au kwa boza. Bei ya dumu moja ikipigwa kwa uniti huwa kubwa mara nyingi kuliko bei ya bombani, kwa hiyo mjadala wa kupandisha au kutopandisha bili ulimhusu mtu ambaye angetamani kuwa na bili. Kinachomzuia kwa kawaida si bei ya uniti. Ni gharama ya siku ya kwanza: mita, bomba la kutoka mtaa wa pili, fundi, na pengine uthibitisho wa umiliki wa kiwanja ambao mpangaji hana.

Mfuko wa kuunganisha kwa mara ya kwanza ulibuniwa kwa ajili ya ukuta huo, na ulikuwa wazo zuri kuliko mengi katika mkataba ule. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ulitegemea fungu la mwisho la bili. Makusanyo yakipungua, kampuni hulipa umeme kwanza, kisha mishahara, kisha inabishana kuhusu ada. Fedha za yule ambaye bado si mteja hukosa wa kuzipigania. Fungu hilo nalo lilikuwa miongoni mwa malipo ambayo DAWASA ililalamika kutoyapata. Kama ufikiaji ni lengo la kweli, fedha zake zinapaswa kutengwa mahali ambapo mwendeshaji hawezi kuzigusa, na idadi ya nyumba mpya zilizounganishwa iandikwe kwenye mkataba kama deni, mtaa kwa mtaa.

Baada ya mwaka 2005 Dar es Salaam haikuliacha jibu C kabisa. DAWASCO nayo ilikodisha mitambo kutoka DAWASA kwa mkataba wa mfano uleule. Kilichobadilika ni kwamba mwendeshaji sasa alikuwa wa serikali. Mwaka 2018 vyombo hivyo viwili viliunganishwa kuwa DAWASA moja. Mabadiliko makubwa ya wingi wa maji yalitokana na uwekezaji katika vyanzo: mtambo wa Ruvu Chini ulipanuliwa kwa msaada wa Marekani hadi uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu kwa mkopo wa India hadi lita milioni 196. Upanuzi wa namna hiyo haukuwa kazi ya mwendeshaji katika mkataba wa ukodishaji, na wananchi waliotarajia City Water ilete maji mapya walikuwa hawajaelezwa hivyo vya kutosha.

Jibu D nalo lina mfano wake wa karibu. Shirika la maji la taifa la Uganda, NWSC, lilikuwa mwaka 1998 katika hali inayofanana na ya Dar es Salaam, na takriban asilimia 60 ya maji yake hayakuleta mapato. Mkurugenzi mpya, William Muhairwe, alianza Februari 1999 na mpango wa siku 100 uliolenga mambo machache yanayopimika: ankara sahihi, makusanyo, mivujo na wizi. Kisha serikali ilisaini na shirika lake yenyewe mkataba wa utendaji. Upande wa shirika uliahidi viwango. Upande wa serikali uliahidi kulipa bili za ofisi zake, kusimamisha mzigo wa madeni ya zamani, na kuacha bei zifuate mfumuko. Baadaye meneja wa kila mji alipewa mkataba wake wa ndani wenye malengo na marupurupu. Katika muda wa miaka kumi hivi upotevu ulishuka hadi karibu theluthi moja. Gharama ya kuunganishwa nayo ilipunguzwa kuanzia mwaka 2004, kwa shirika kubeba lenyewe mabomba ya umbali wa hadi mita 50 na kuirudisha gharama hiyo kidogokidogo kupitia bei.

Lisidhaniwe kuwa jibu la uchawi. Uganda pia ilijaribu waendeshaji binafsi katika Kampala, Gauff kuanzia mwaka 1997 na kisha Ondeo ya Ufaransa hadi 2004, na baadhi ya mbinu za mikataba ya ndani zilitokana na uzoefu huo. Zaidi ya hapo, mkataba kati ya serikali na shirika lake hauna mahakama inayoutisha. Unashika tu pale ambapo hazina inalipa bili zake na mkurugenzi haondolewi kwa kukata maji ya mkubwa. Nguvu hizo zikilegea, D hurudi kuwa B bila mtu kutangaza.

Kwa hiyo mtahiniwa aliyeandika C hakukosea kwa sababu ya kuchagua C. Swali ndilo limemnyima taarifa anazohitaji: wazabuni walikuwa wangapi, daftari la wateja lina ukweli kiasi gani, nani anabeba hasara ya bili zisizolipwa, mdhibiti yuko kazini au yuko kwenye karatasi za sheria tu, na fedha za kuwaunganisha wasio na bomba zinakaa wapi. Mtungaji akiongeza sentensi mbili kuhusu hayo, C na D zinaweza kupokezana usahihi. Akiongeza kwamba mzabuni ni mmoja na mdhibiti hayupo, D inakuwa salama zaidi, kwa kuwa shirika la umma likishindwa serikali hurekebisha bila kupelekwa mbele ya waamuzi wa kimataifa.

Msomaji anayetaka kujua jiji lake liko wapi hana haja ya kuanzia kwenye hati ya umiliki. EWURA hutoa kila mwaka taarifa ya utendaji wa mamlaka za maji Tanzania, na ndani yake kuna tarakimu za kutosha kuhukumu. Inayofaa kutazamwa kwanza ni pengo kati ya maji yaliyozalishwa na yaliyolipiwa ankara, kisha pengo kati ya ankara na fedha zilizoingia, kwa kuwa la kwanza husema mengi kuhusu mabomba na mita, na la pili kuhusu ofisi na wadaiwa. Saa za huduma kwa siku zisomwe kwa tahadhari, maana wastani wa jiji huficha mtaa unaopata maji usiku wa Jumanne peke yake. Na idadi ya wateja wapya haina maana kubwa mpaka ijulikane wamepatikana wapi: mamlaka inaweza kuongeza maelfu ya maunganisho katika viwanja vilivyopimwa, huku ng'ambo ya barabara bei ya dumu ikibaki ileile.